Uchambuzi wa kisa: kiwanda cha alizeti na chumba cha elfu kumi

Kuhusu kisa

Kisa hiki kimetoka kijiji kimoja cha Mkoa wa Dodoma, kando ya barabara ya lami. Majina ya kijiji, kiwanda na watu yameondolewa. Bei zimezungushwa ili mtu asizitumie kumtambua mwenye duka au mwenye nyumba, lakini uwiano kati yake umebaki ulivyokuwa. Kimeandikwa kwa ajili ya watendaji wa vijiji, wajumbe wa halmashauri za vijiji na maofisa maendeleo ya jamii ambao mwekezaji anaweza kuwabishia hodi wakati wowote.

Mazingira

Kijiji kina kaya zisizofika mia saba. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na ikikatika Februari watu wanajua mwaka huo watanunua chakula. Wanalima mtama, uwele na mahindi ya kula. Alizeti ndiyo ya fedha. Zao hilo lilipata msukumo zaidi kuanzia 2021, Serikali ilipoichagua Dodoma pamoja na Singida na Simiyu kuwa mikoa ya mfano ya kuongeza uzalishaji wa alizeti ili kupunguza mafuta ya kula yanayotoka nje.

Kabla ya kiwanda, watu wengi waliishi kwenye nyumba zao. Wapangaji walikuwa wachache: walimu, muuguzi wa zahanati, fundi pikipiki, vijana wawili watatu walioachana na wazazi. Vyumba vya kupangisha vilikuwa kama 20, na kimoja kilikwenda kwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Mpangaji akichelewa, mwenye nyumba alisubiri, maana akimtoa angempata wapi mwingine?

Maduka ya maana yalikuwa mawili. Moja lilikuwa la mama mmoja ambaye jengo ni lake, alilorithi kwa mumewe. Jingine lilikuwa la kijana kutoka Kilimanjaro, ambaye kijiji kizima kilimwita Mangi, aliyepanga fremu ya barabarani kwa 20,000 kwa mwezi. Tofauti hii ya mwenye jengo na mpangaji itatufaa baadaye.

Mambo yalivyofuatana

Mwekezaji, Mtanzania mwenye biashara ya mafuta mjini, aliomba ekari 12 karibu na nguzo za umeme wa njia tatu. Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kuridhia, kwa hiyo mkutano uliitishwa, na ulijaa. Mwakilishi wake aliahidi ajira zaidi ya mia. Wazee waliuliza kama mafuta yatashuka bei. Vijana waliuliza kama wenyeji watapewa kipaumbele. Kina mama waliuliza kuhusu maji, kwa sababu kisima ni kimoja. Muhtasari wa mkutano upo na nimeusoma wote. Swali ambalo halimo ni hili: kiwanda kitakamua miezi mingapi kwa mwaka?

Ujenzi ulianza Novemba. Waashi na mafundi wa vyuma walikuja kabla ya mtambo, wakahitaji mahali pa kulala. Vyumba vilivyokuwa wazi vikaisha ndani ya wiki chache, na kufikia Machi kodi ilikuwa 15,000. Juni kiwanda kikawasha mitambo. Kiliajiri watu kama 30 wa kudumu, wengi wao mafundi na wahasibu kutoka nje ya kata, na vibarua wapatao 90 wa kupakua magunia, kuchekecha mbegu, kujaza madumu na kupakia mashudu. Kibarua alilipwa 7,000 kwa siku. Kima cha chini cha sekta ya biashara na viwanda, kilichoanza Januari 2023, kilikuwa 150,000 kwa mwezi, ambacho kwa siku 26 za kazi ni kama 5,770. Malipo yalikuwa halali, tena mazuri kwa kijana aliyezoea kulima kibarua kwa nusu ya hapo.

Mwezi huohuo chumba kilifika 25,000. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alifuatwa jioni na mwenye nyumba wake, mzee anayemheshimu.

"Mwalimu, mimi sikufukuzi," mzee alisema. "Ila kuna kijana wa kiwandani ana ya miezi sita mkononi."

"Shikamoo mzee, nimekuelewa. Nipe mpaka mshahara utoke."

"Mshahara ni wa mwezi mmoja, mwanangu. Yeye ana ya sita."

Mwalimu alihamia kijiji cha jirani. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ni 2,000, na siku za kazi zinakaribia 20 kwa mwezi, kwa hiyo alianza kutumia 40,000 za usafiri ili kukwepa ongezeko la 15,000. Ukiangalia juu juu utasema hakupiga hesabu vizuri. Alipiga. Nyongeza ya kila mwezi angeimudu. Kilichomshinda ni 150,000 za mkupuo. Watendaji wengi wakisikia "kodi imepanda" huuliza imetoka ngapi hadi ngapi, halafu basi. Kwa mtu wa kipato kidogo, masharti ya malipo yanaweza kumtoa chumbani hata pale ambapo bei yenyewe isingemtoa.

Dukani mambo yalikwenda sambamba. Sukari iliyokuwa 3,200 kwa kilo ikawa 3,600. Mafuta ya kula, ambayo wengi hununua kwa kipimo, yalibaki na bei ileile ya kipimo lakini kipimo chenyewe kilibadilishwa kikawa kidogo. Hilo liliwakera watu kuliko sukari, kwa sababu magari yaliyojaa mafuta yalipita mbele ya milango yao. Kiwanda kiliuza kwa jumla, kwa dumu la lita 20, na wenye malori ya mjini walilipa bei ya mjini. Mama anayenunua kwa kijiko hakuwa mteja wake. Mayai yalitoka 300 hadi 500, na mkaa wa kopo kutoka 1,000 hadi 1,500. Kodi ya fremu ya Mangi ilipanda hadi 60,000.

Maamuzi matatu

Uamuzi wa kwanza ulichukuliwa Julai. Halmashauri ya Kijiji, baada ya malalamiko ya walimu na muuguzi, iliweka ukomo wa kodi: chumba kisizidi 15,000. Nia ilikuwa njema, na wajumbe wawili waliopiga kura ya ndiyo walikuwa wenyewe wana vyumba vya kupangisha. Lakini ukomo ulikaa kwenye muhtasari tu. Ili uwe sheria ndogo ya kijiji ulipaswa kupita Mkutano Mkuu na kisha kuidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Mwanasheria wa wilaya alipoulizwa alijibu kwamba hata sheria ya nchi iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, na kodi sasa ni makubaliano ya pande mbili.

Wakati jibu hilo linasubiriwa, wenye nyumba walikwishajipanga. Risiti ziliandikwa 15,000, na 10,000 nyingine ikaitwa ya maji na ulinzi, ingawa mlinzi hakuwepo na maji yalichotwa kisimani kama zamani. Wengine walitoa vyumba sokoni na kuwaweka wajomba na mabinamu ambao kijiji hakikuwa kimewahi kuwaona. Vyumba vilivyopatikana kwa mgeni vikapungua kuliko kabla ya ukomo. Septemba uamuzi uliachwa bila kutangazwa kwamba umeachwa.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa kupima viwanja. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye nadhani ndiye mtu aliyeielewa hali mapema kuliko wengine, alisema kwenye kikao kwamba watu 120 wapya hawawezi kulala kwenye vyumba 20 hata bei ikiandikwa kwa damu. Viwanja 40 vya mita 20 kwa 20 vilipimwa nyuma ya shule, wakapewa wanakijiji kwa sharti la kujenga ndani ya mwaka. Waliopata walifyatua matofali, wakakopa vikoba kwa ajili ya mabati na milango. Kufikia msimu wa pili kijiji kilikuwa na vyumba vya kupangisha karibu 70.

Uamuzi wa tatu haukuwa wa kijiji bali wa meneja wa kiwanda, ila aliombwa na mwenyekiti pamoja na wenye maduka. Mwanzoni vibarua walilipwa mwisho wa mwezi, na mara nyingi wiki moja baada ya hapo. Siku 30 mtu anakula nini? Alikula kwa daftari. Mangi na yule mama walikuwa na madaftari mazito kiasi kwamba mtaji wao ulikuwa mikononi mwa wateja, huku wao wakichukua mzigo mjini kwa mali kauli. Kuanzia Oktoba kiwanda kilianza kulipa vibarua kila Jumamosi kwa simu.

Matokeo

Sukari ilirudi 3,200 ndani ya miezi miwili. Kupungua kwa madeni ya daftari kulisaidia, lakini kulikuwa na sababu nyingine: duka la tatu lilifunguliwa, na gari la jumla la mjini, ambalo awali halikusimama hapo kwa sababu mzigo ulikuwa mdogo, likaanza kushusha kila Alhamisi. Mangi hakulipa tena nauli ya basi kwa kila gunia la sukari.

Mkaa na mayai havikushuka hadi Januari. Kodi ya vyumba nayo ilikaa palepale, hadi baada ya kiwanda kunyamaza.

Kilinyamaza katikati ya Novemba. Mbegu ziliisha. Vibarua wote waliachishwa, na wa kudumu wakabaki kumi na kitu wa kulinda na kukarabati. Usiku wa wiki ileile vijana watatu waliondoka na madeni ya Mangi. Vyumba vilivyolipiwa miezi sita viliendelea kuonekana vimekodishwa, vingine vikiwa na kufuli tu, na ndiyo maana bei haikushuka mara moja. Wenye nyumba waliona kufuli wakadhani mpangaji yupo.

Aliyeumia zaidi hakuwa mpangaji. Alikuwa mjane mmoja aliyejenga vyumba sita kwenye kiwanja kipya kwa mkopo wa kikoba wa 2,000,000. Hesabu yake ilikuwa rahisi: vyumba sita kwa 25,000 ni 150,000 kwa mwezi, yaani 1,800,000 kwa mwaka, na mwaka wa pili deni limekwisha. Vyumba vyake vilikamilika mwezi wa kumi, mbegu zikiwa ukingoni. Alipata wapangaji wawili, nao wakaondoka Desemba. Kikoba kilimvumilia mara mbili, mara ya tatu kikachukua mbuzi wake wanne. Februari alishusha hadi 12,000, kwa mwezi mmoja mmoja, bila mkupuo. Yule mwalimu alirudi na kupanga kwake vyumba viwili. Muuguzi akafuata.

Uchambuzi

*Tuanze na kujua kipi kililetwa na kiwanda.* Machi wa mwaka wa pili, kwenye mkutano mkali sana, watu walidai kiwanda kimepandisha mahindi. Debe lilikuwa limepanda kweli. Lakini Januari hadi Machi ndiyo miezi ambayo maghala ya nyumbani huisha Dodoma yote, na bei ya mahindi katika ukanda huu hufuata soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, ambako malori ya mikoa mingine hununua. Mtendaji wa kijiji alifanya jambo dogo lenye thamani kubwa. Alipiga simu kwa mwenzake wa kijiji cha jirani kisicho na kiwanda na kuulizia bei za vitu vitano. Mahindi yalikuwa sawa pande zote. Sukari ilikuwa sawa. Kodi ya chumba, mayai na mkaa vilikuwa vimetofautiana sana tangu Juni, na mayai na mkaa vilikaribiana tena kiwanda kilipolala.

Hapo mpangilio unaonekana. Kitu kinachoweza kuletwa na lori kutoka mjini kilipanda kwa muda mfupi, kisha wateja wengi wakakishusha, kwa sababu mzigo mkubwa husafirishwa kwa gharama ndogo kwa kila kilo. Kitu kisicholetwa na lori, yaani chumba, yai la kuku wa kienyeji, mkaa wa milima ileile, kilipanda na kukaa juu kadiri wanunuzi walivyokuwepo. Mtendaji anayetaka kujua apambane na bei ipi angeanza kwa kugawa vitu katika mafungu hayo mawili, kwa sababu la kwanza hujirekebisha lenyewe mlango wa ushindani ukiwa wazi.

Kundi moja limebaki katika malalamiko ya kila siku: wenye mashamba makubwa waliosema kiwanda kimewaharibia vibarua wa palizi. Palizi ni Januari na Februari, na wakati huo kiwanda kilikuwa kimelala. Bei ya kupalilia ekari haikusogea. Waliobanwa ni wanaovuna na kupiga alizeti mwezi Juni, na kwao ilikuwa kweli.

*Fremu na bei za dukani.* Mangi aliwaambia wateja kwamba amepandisha sukari kwa sababu fremu imetoka 20,000 hadi 60,000. Maelezo hayo yaliaminiwa na wengi, hata kwenye kikao cha kijiji, na yakazaa pendekezo la kuweka ukomo wa kodi za fremu pia. Lakini mama mwenye jengo lake, ambaye halipi fremu hata senti moja, aliuza sukari kwa 3,600 vilevile, na alipandisha siku nne kabla ya Mangi. Kama fremu ndiyo chanzo, yeye angebaki 3,200 na kuwachukua wateja wote.

Kilichotokea ni kinyume. Wateja waliongezeka ghafla, maduka ni mawili, mtaji umekwama kwenye daftari: bei ikapanda. Mwenye fremu aliyekaa mjini akasikia duka la Mangi halishiki mzigo, akaja kuchukua sehemu yake. Kuwekea fremu ukomo kungempa Mangi 40,000 zaidi kila mwezi, na sukari ingebaki ilipo. Mlaji alisaidiwa na duka la tatu, gari la Alhamisi na malipo ya kila Jumamosi. Tena zingatia kwamba sukari iliposhuka, fremu haikushuka. Mangi bado analipa 60,000, anauza kilo nyingi kwa faida ndogo kwa kila kilo.

*Hesabu ya miezi.* Kosa kubwa la kisa hiki lilitokea kwenye mkutano wa kwanza, na lilihitaji kalamu na karatasi tu. Mtambo ulitangazwa kuwa wa tani 20 kwa siku. Kwa siku 25 za kazi ni tani 500 kwa mwezi. Ekari moja ya alizeti ya mkulima mdogo eneo lile hutoa kama gunia tano za kilo 60, yaani kilo 300, mvua zikiwa za wastani. Mwezi mmoja wa kukamua unahitaji basi mavuno ya ekari zipatazo 1,700. Kata nzima na majirani zake walilima alizeti ekari zisizofika 9,000, na sehemu ya mavuno hayo huuzwa kwa wanunuzi wengine au hukamuliwa kwenye mashine ndogo. Ukitoa hiyo, unabaki na miezi minne au mitano. Kiwanda kilikamua mitano na kidogo.

Viwanda vingi vya alizeti nchini husimama sehemu ya mwaka kwa kukosa mbegu, na mwekezaji huyu hakuficha jambo, hakuulizwa. Angeulizwa, mjane angejua kwamba chumba chake kitaingiza 25,000 mara tano, si mara 12. Vyumba sita kwa miezi mitano ni 750,000, na miezi saba iliyobaki angepanga kuvijaza kwa bei ya walimu. Mkopo wa 2,000,000 ungeonekana mzito kabla ya kuchukuliwa. Kikoba nacho kingeweka marejesho makubwa Juni hadi Novemba na madogo baada ya hapo, jinsi kinavyofanya kwa wakopaji wa kilimo.

Upimaji wa viwanja, ambao nausifu, una doa hapa. Ulitatua uhaba wa vyumba kwa kujenga kwa kipimo cha Julai. Viwanja 20 vingetosha msimu wa kwanza, na vingine 20 vingesubiri ionekane nani amebaki Januari. Mwenyekiti alipoulizwa kuhusu hilo alisema watu 40 walikuwa wamejiandikisha, na kuwanyima nusu yao kungeleta ugomvi wa kura. Jibu hilo ni la kisiasa, na kijijini siasa ni sehemu ya hesabu.

Kwa msimu wa pili Mkutano Mkuu umepitisha mambo mawili na kuyapeleka wilayani yaidhinishwe kama sheria ndogo: mwenye nyumba asidai zaidi ya kodi ya miezi miwili kwa mkupuo, na kila makubaliano ya upangaji yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Kiasi cha kodi hakikuguswa. Kiwanda kwa upande wake kimekubali kubandika kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kila mwisho wa mwezi, tani za mbegu zilizobaki ghalani.